Kurasa zilizofifia: tambua kasoro kabla ya kuomba ziskaniwe upya

Ombi la kawaida huwa na sentensi moja: "Naomba kurasa hizi ziskaniwe upya kwa resolusheni ya juu zaidi, hazisomeki." Mhifadhi nyaraka analitekeleza kama lilivyoandikwa. Anapandisha skana kutoka pikseli 300 kwa inchi hadi 600, na mtafiti anapokea faili kubwa mara nne lenye maandishi yaliyopauka vilevile. Hapo kila mtu ametimiza wajibu wake. Kilichokosewa ni jina la kasoro.

Resolusheni huhesabu vitone vilivyopimwa ndani ya kila inchi ya karatasi. Haiongezi wino. Ukurasa unaweza kukataa kusomeka kwa sababu vitone ni vichache, au kwa sababu picha ilibanwa mno, au wino umekaribia rangi ya karatasi, au skana ilichoma sehemu nyeupe, au lenzi haikulenga vizuri. Kila sababu ina dawa yake, na ni moja tu kati ya hizo inayotibiwa kwa kuongeza namba. Mwongozo huu unapitia dalili moja moja, kisha unaonyesha barua pepe inayotokana nazo.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Mtafiti amepokea kutoka hifadhi ya nyaraka ya mkoa faili moja la PDF lenye jalada zima, namba ya rejea tuiite W 3/12. Kurasa 7 zinamshinda: jani la 14 uso wa mbele na wa nyuma, jani la 15 mbele, la 22 mbele, la 31 nyuma, la 40 mbele na la 58 mbele. Kwake zote "zimefifia". Tukizikagua, tutaona zina magonjwa matano tofauti.

Kwanza, jua ulicho nacho mkononi

Hifadhi nyingi hutengeneza picha mara mbili. Kuna nakala kuu, kwa kawaida TIFF, ambayo huwekwa bila kubanwa kwa namna inayopoteza taarifa. Kutokana na hiyo hutengenezwa nakala ya kusomea, JPEG au PDF, iliyopunguzwa ili ipite kwenye mtandao. Unachotumiwa karibu kila mara ni nakala ya kusomea. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mhifadhi ni kama nakala kuu ipo. Ikiwepo, kuituma ni kazi ya kunakili faili tu: jalada halitoki rafuni na karatasi dhaifu haiguswi tena.

Usiamini namba ya resolusheni iliyoandikwa ndani ya faili. Ile ni lebo, na programu yoyote inaweza kuibadilisha bila kugusa hata pikseli moja. Hesabu pikseli zenyewe. Kama unacho kifurushi cha Poppler kwenye kompyuta, amri hizi mbili zinatosha:

```
pdfimages -list jalada.pdf
pdfimages -all jalada.pdf jani
```

Ya kwanza inaorodhesha upana na urefu wa kila picha iliyomo na namna ilivyobanwa (safu ya `enc`). Ya pili inazitoa picha zenyewe kama zilivyo. Hii ni muhimu, kwa sababu kupiga picha ya skrini, au kuhifadhi ukurasa wa PDF upya kama picha, kunaongeza uharibifu mwingine juu ya ule uliokuwepo.

Kwenye mfano wetu kila picha ina pikseli 1240 kwa 1754. Karatasi ni A4, yaani milimita 210 kwa 297. Gawa 210 kwa 25.4 upate inchi 8.27, kisha gawa 1240 kwa 8.27: jibu ni 150. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa 300 ungekuwa na pikseli 2480 kwa 3508. Namba 1240 na 1754 ni nusu yake kamili, na nusu kamili ni dokezo zuri kwamba kuna nakala kubwa zaidi mahali fulani.

Dalili: herufi zinavunjika vijisanduku ukizikuza

Kuza picha hadi asilimia 400 na utazame herufi ndogo kabisa. Ukiona ngazi ngazi kwenye mikunjo yake, vitone ni vichache. Ukiona vijisanduku vya mraba vyenye pikseli 8 kwa 8, na ukungu wa madoadoa kuzunguka kila mstari wa wino, huo ni mbano wa JPEG, ambao hukata picha katika miraba ya ukubwa huohuo na kutupa taarifa ndogo ndogo ndani ya kila mraba. Wino hafifu ndio hutupwa kwanza, kwa kuwa mbele ya programu ile tofauti yake na karatasi ni ndogo mno kustahili nafasi.

Sasa pima urefu wa herufi kwa pikseli. Chagua herufi ndogo isiyo na mkia, kama "a" au "e", na uhesabu kutoka chini hadi juu. Kanuni iliyoenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell kwa kazi ya kuweka nyaraka kidijitali inatoa kipimo chepesi kwa picha za rangi au za kijivu: pikseli 16 kwa herufi ndogo kabisa ni ubora wa juu, 10 ni ubora mzuri, na ukikaribia 6 unasoma kwa kubahatisha. Ikiwa herufi zako zina pikseli 20 na bado hazisomeki, acha kabisa kulalamikia resolusheni. Tatizo lako liko kwingine.

Majani ya 14 na 15 yana majedwali yenye tarakimu ndogo za mkono, kama milimita 1.5 kwa urefu. Kwa 150 hiyo ni pikseli 9 tu, tena zimebanwa. Kwa 300 zingekuwa karibu 18, na hiyo inatosha. Kwa hiyo kurasa hizi tatu hazihitaji skana kabisa. Zinahitaji nakala kuu. Kuomba 600 hapa kungekuwa kuomba kazi isiyo na faida.

Tahadhari moja kuhusu PDF zilizobanwa sana: baadhi hutenganisha maandishi na mandharinyuma, zikayahifadhi maandishi kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Mstari hafifu usiofikia kiwango cha "nyeusi" unafutwa. Mbaya zaidi, kuna mbano, `jbig2`, ambao ukiwekwa vibaya hutumia umbo moja kwa herufi zinazofanana, na tarakimu 6 ikageuka 8 huku ikionekana safi kabisa. Ukikuta `jbig2` kwenye safu ya `enc`, usinukuu takwimu yoyote kutoka faili hilo kabla ya kuona nakala nyingine.

Dalili: kingo za herufi ni safi, lakini maandishi yamepauka

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watafiti wengi wanapoomba kisichofaa. Ukikuza, unaona mstari wa kalamu ukiwa mzima, una mwanzo na mwisho, ila rangi yake imefanana na karatasi. Vitone vipo vya kutosha. Kinachokosekana ni tofauti kati ya wino na karatasi, na tofauti hiyo inategemea aina ya wino na rangi ya mwanga ulioutazamia.

Wino wa chuma na tanini, uliotumika kwa karne nyingi, huwa mweusi unapokauka na kugeuka kahawia kadiri unavyozeeka. Kahawia hafifu juu ya karatasi iliyogeuka manjano inachosha macho, kwa sababu macho yanachanganya rangi zote pamoja. Lakini picha ya rangi huhifadhiwa katika chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wino wa kahawia hurudisha mwanga mwekundu karibu sawa na karatasi, ilhali mwanga wa bluu huunyonya zaidi. Ukitazama chaneli ya bluu peke yake, maandishi yanakuwa meusi zaidi kuliko ulivyoyaona. Kwa programu ya ImageMagick:

```
magick jani-042.jpg -channel B -separate bluu.png
magick bluu.png -contrast-stretch 0.5%x0.5% bluu2.png
```

Kwenye GIMP utaipata kazi hiyohiyo kupitia Colors, Components, Decompose. Kwa wino wa zambarau, ule wa penseli za kunakilia na wa baadhi ya mashine za kurudufu, chaneli ya kufungua ni ya kijani (weka `G` badala ya `B`), kwa kuwa zambarau hunyonya kijani kuliko rangi nyingine. Chaneli zote tatu zikifanana, wino ni wa kijivu tupu, mfano penseli ya kawaida au nakala ya karatasi ya kaboni, na mchezo wa rangi hautakusaidia. Ikiwa kalamu ilikandamiza karatasi, kinachoweza kusaidia ni picha inayopigwa mwanga ukitoka ubavuni, karibu sambamba na karatasi, ili mifereji ya kalamu itupe kivuli.

Fanya jaribio hili kwanza kwenye nakala ya kusomea, kisha ulirudie kwenye nakala kuu kabla ya kukata tamaa. JPEG za kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya resolusheni, kila upande, kuliko za mwanga. Kwa hiyo chaneli ya bluu ya JPEG huja na mabaka, na mtu akaona mbinu haifai kumbe ni faili.

Jani la 31 nyuma ni nakala ya zambarau. Chaneli ya kijani inalifungua lote, na linatoka kwenye orodha ya maombi hapohapo. Jani la 22 mbele ni wino wa kahawia. Chaneli ya bluu inarudisha ukurasa isipokuwa mistari mitatu ya chini, ambako maji yaliwahi kupita na kuuosha wino. Kwa mistari hiyo mitatu kuna ombi moja lenye maana: picha chini ya mwanga wa urujuanimno, kwa kawaida taa ya nanomita 365. Chini ya mwanga huo karatasi hung'aa kidogo, na mabaki ya wino wa chuma, hata yasiyoonekana kwa macho, huuzima mng'ao huo. Maandishi yanatokea meusi juu ya karatasi inayong'aa.

Usichanganye urujuanimno na infraredi, maana kuna wanaoomba "infraredi" wakidhani ndiyo yenye nguvu zaidi. Wino wa chuma hupotea katika infraredi. Ukikaribia nanomita 1000 karatasi inaonekana tupu. Infraredi inafaa wino wa kaboni uliofunikwa na doa au uchafu, kwa kuwa kaboni hubaki nyeusi. Ukiomba infraredi kwa wino wa chuma utapata ukurasa mweupe, na mhifadhi atakuwa ametumia asubuhi yake bure.

Hifadhi ndogo huenda isiwe na taa hiyo, wala chujio la kuweka mbele ya lenzi ili urujuanimno wenyewe usiingie kwenye kamera. Pia mtaalamu wa uhifadhi anaweza kukataa, kwa sababu mwanga huo huharibu karatasi na rangi ukiachwa muda mrefu. Ndiyo maana unaombwa kwa sehemu ndogo iliyotajwa, si kwa jalada zima.

Dalili: ukurasa mweupe mno, mistari inakatika hewani

Jani la 58 mbele linaonekana safi kuliko mengine yote, na usafi huo ndio kasoro yake. Karatasi ni nyeupe pepe, na herufi zinakosa vipande: "m" ina miguu miwili, "t" haina mstari wa juu. Gusa sehemu tupu ya karatasi kwa kifaa cha kupimia rangi katika programu ya picha. Ukisoma 255, 255, 255 karibu kila mahali, picha imechomwa. Skana, au programu iliyofuata, iliamua kwamba kila kilicho cheupe kiasi fulani kiwe cheupe kabisa, na mistari hafifu ikaangukia upande huo. Karatasi ya zamani haina weupe wa namna hiyo.

Hakuna programu itakayorudisha kilichochomwa, kwa kuwa taarifa haimo tena kwenye faili. Lakini kuchomwa huko kunaweza kuwa kulifanyika wakati wa kutengeneza nakala ya kusomea tu. Kwa hiyo omba mhifadhi aitazame nakala kuu kwanza. Ikiwa nayo ina 255 kila mahali, basi ukurasa unastahili kuskaniwa upya. Maelekezo yake hayahusu resolusheni hata kidogo: uskaniwe kwa rangi, marekebisho ya kujiendesha ya mwanga na weupe yakiwa yamezimwa, na karatasi tupu isifike 255 popote. Ikiwezekana uhifadhiwe kwa biti 16 kwa kila chaneli, kwa sababu ukija kunyoosha tofauti ndogo sana katika biti 8, rangi huanza kukatika ngazi ngazi.

Dalili: upande mmoja unasomeka, mwingine umefichwa na ukungu

Jani la 40 mbele linasomeka vizuri kulia na kuyeyuka kushoto, kuelekea mshono. Jalada lilifungwa kwa uzi, ukurasa ukainama kuingia kwenye mshono, na sehemu ile ikatoka kwenye umbali ambao lenzi ilikuwa imelenga. Mara nyingi utaona pia mistari ikipinda na kivuli kikiongezeka kuelekea hukohuko. Ukungu wa namna hii hauwezi kuletwa na kubanwa kwa faili, kwa kuwa mbano haujui kushoto wala kulia. Kwa hiyo nakala kuu nayo itakuwa nao, na hapa unaweza kuomba kuskaniwa upya bila kusubiri.

Omba ukurasa huo upigwe peke yake, lenzi ikilenga upande wa mshono, jalada likiwa limeegemezwa kwenye vishikizo. Usiombe jalada lifunguliwe hadi lilale. Uamuzi wa jalada linaweza kufunguka kiasi gani ni wa mhifadhi, na ukimwandikia kana kwamba unaamua wewe, una haki ya kutarajia jibu fupi. Uzi ukiwa umebana mno, jibu litakuwa picha mbili za ukurasa mmoja, moja kwa kila upande. Zikubali, zinatosha.

Dalili mbili za kupita haraka

Picha zikiwa za kijivu tu, zina pindo jeusi, na mikwaruzo iliyonyooka inapita kwenye kurasa kadhaa mfululizo mahali palepale, ulichopewa kimetoka kwenye maikrofilamu. Kuiskani filamu upya kwa namba kubwa kutakuza chembe za filamu. Uliza kama karatasi yenyewe bado ipo, na uombe iskaniwe hiyo.

Maandishi ya uso wa nyuma yakipenya mbele, omba karatasi nyeusi iwekwe nyuma ya jani wakati wa kuskani. Mandharinyuma meupe ndiyo hurudisha mwanga na kuonyesha ya nyuma. Ukurasa utatoka mweusi kidogo, lakini maandishi yatabaki ya upande mmoja. Hii inafaa wino unaoonekana kupitia karatasi; wino uliopenya nyuzi na kutokea upande wa pili hauondoki kwa njia hii.

Barua pepe yenyewe

Baada ya ukaguzi, kurasa 7 zimegawanyika: moja haihitaji chochote, tatu zinahitaji nakala kuu tu, moja inahitaji nakala kuu na labda urujuanimno, moja iskaniwe upya mara moja, na moja iskaniwe baada ya nakala kuu kukaguliwa. Hilo ndilo la kumwandikia mhifadhi.

Hitilafu kubwa katika barua hizi ni namna ya kutaja ukurasa. "Ukurasa wa 14" unaweza kuwa picha ya 14 ndani ya PDF, jani lenye namba 14 ya penseli kwenye kona, au namba ya 14 iliyopigwa na aliyeandika barua ile zamani. Jalada moja linaweza kuwa na mifumo yote mitatu, na ndiyo maana watu hutumiwa kurasa ambazo hawakuziomba. Taja namba ya jani na uso wake, namba ya picha ndani ya faili ulilotumiwa, na maneno ya kwanza yanayosomeka. Vikitofautiana, mhifadhi atagundua kabla ya kuwasha skana.

> YAH: Jalada W 3/12: ombi la nakala kuu za kurasa 5, na kuskani upya ukurasa 1 au 2
>
> Ndugu Mhifadhi,
>
> Salaam. Nilipokea kutoka kwenu faili la PDF la jalada W 3/12, nawashukuru. Picha zake zina pikseli 1240 × 1754, ambazo kwa A4 ni kama 150 kwa inchi. Kurasa 6 hazisomeki vizuri. Naomba yafuatayo, kwa mpangilio huu:
>
> 1. Kama mna nakala kuu (TIFF, au JPEG isiyopunguzwa), naomba nakala za kurasa zifuatazo. Huenda hakuna haja ya kuligusa jalada kwa hizi:
> – jani 14 mbele (picha ya 27), jani 14 nyuma (28), jani 15 mbele (29): majedwali ya tarakimu;
> – jani 22 mbele (picha ya 43): mistari mitatu ya chini;
> – jani 58 mbele (picha ya 115).
>
> 2. Jani 40 mbele (picha ya 79): upande wa mshono uko nje ya lengo la lenzi. Naomba upigwe upya, kwa rangi, pikseli 400 kwa inchi, lenzi ikilenga upande wa kushoto, kwa kiasi ambacho mshono utaruhusu. Picha mbili za nusu nusu zinanifaa.
>
> 3. Jani 58 mbele: katika PDF karatasi inasoma 255 kila mahali na mistari imekatika. Ikiwa nakala kuu nayo iko hivyo, naomba iskaniwe upya kwa rangi, marekebisho ya kujiendesha yakiwa yamezimwa, TIFF, biti 16 ikiwezekana.
>
> Nimeambatisha vipande vya kurasa hizo, nikizungushia mahali pasiposomeka, pamoja na maneno ya kwanza ya kila ukurasa. Kama mnayo taa ya urujuanimno, nitaomba baadaye mistari mitatu ya jani 22. Kama haipo au mtaalamu wenu haishauri, nitaelewa.
>
> Naomba kujulishwa gharama kabla kazi haijaanza. Picha ni kwa ajili ya kusoma na kunakili maandishi. Nikitaka kuchapisha yoyote nitaomba kibali tofauti. Kama jalada haliruhusiwi kuskaniwa tena, naomba kujua kama linaweza kusomwa katika chumba cha wasomaji.
>
> Wasalaam,
> [jina, taasisi, namba ya ombi la awali]

Tazama kwamba 600 haikutajwa popote. Jani la 40 limeombewa 400 kwa sababu herufi ya milimita 1 hufikisha pikseli 16 hapo, na hakuna herufi ndogo kuliko hiyo katika jalada. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa 300 una megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa 600 unafika 104, na kwa biti 16 ni 208. Faili la namna hiyo haliingii kwenye barua pepe, kwa hiyo mhifadhi analazimika kulibana tena, na unarudi ulikoanzia. Ikiwa faili ni kubwa, waombe watumie njia yao ya kupakua, na uwaombe wasiliweke ndani ya PDF.

Zikifika, kagua siku hiyohiyo

Hesabu pikseli kama mwanzo. Kisha jaribu kama ukubwa ni wa kweli, kwa kuwa picha ndogo inaweza kutanuliwa na programu bila kuongezewa chochote:

```
magick mpya.tif -resize 50% -resize 200% jaribio.tif
```

Weka `mpya.tif` na `jaribio.tif` kando kwa kando kwa asilimia 200. Ikiwa huoni tofauti kwenye kingo za herufi, basi robo tatu ya vitone hivyo havikubeba taarifa: ama picha ilitanuliwa, ama lenzi haikulenga. Gusa karatasi tupu uone kama iko chini ya 255. Linganisha maneno ya kwanza na orodha yako, uhakikishe kwamba jani ni lile na uso ni ule.

Ukikuta kasoro, jibu kwenye mfululizo uleule wa barua, taja ukurasa mmoja na kipimo kimoja: "Jani 58 mbele, karatasi bado inasoma 255 katika kona zote nne." Mhifadhi aliyeskani jana bado ana jalada mezani na mipangilio yake kwenye skana. Likirudishwa rafuni, ombi lako linaanza upya kwenye foleni.